Mstari wa Mwendo wa Saa Moja

Zamani zile nilikuwa na miguu miwili myembamba, cheti cha shule ya usiku, na suruali moja ya kaki ya kwendea kazini. Cheti ninacho mpaka leo. Miguu ninayo, ingawa siku hizi huniomba ruhusa kabla ya kusimama. Suruali ndiyo iliyopotea, nayo ilipotea kwa sababu ya ramani niliyoichora mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya serikali mjini Dar es Salaam, karibu na bandari. Nikisema mchora ramani msidhani nilikuwa nikipima milima. Wazungu walipima, sie tulinakili. Tulitandika karatasi inayopitisha mwanga juu ya ramani yao, tukafuata mistari kwa kalamu ya wino, kutwa nzima, mpaka ukienda kulala unaiona mistari ikitambaa juu ya dari. Shule ya usiku ndiyo iliyonifundisha maana yake. Mwalimu wetu wa jiografia alituambia ule mstari wa kahawia unaozunguka mlima umeunganisha mahali pote penye kimo kimoja. Ukitembea juu yake huteremki wala hupandi. Nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Nilikuwa nikimsimulia kila mtu, hata wauza mihogo.

Wakati huo nilikuwa na shida mbili, na zote mbili zilikuwa zimenishika shati, moja mbele, moja nyuma.

Ya kwanza ilikuwa karani mkuu. Mtu wa bara kama mie, mrefu, mkavu, mwenye saa ya mnyororo. Kila asubuhi alisimama langoni, na kengele ya saa moja na nusu ikilia, aliyekuwa nje ya lango amechelewa, hata kama pua yake imeshaingia. Nilikuwa nimeshachelewa mara nyingi. Kwa hesabu yangu mara mbili tatu, kwa hesabu yake toka dunia iumbwe. Akaniita akaniambia polepole, kama anayenisomea dua, "Kijana, ukichelewa tena hata mara moja mwaka huu, usiingie. Geuka hapo hapo langoni, uende ukalime."

Ya pili ilikuwa shangazi wa mchumba wangu. Mchumba wangu alikuwa msichana wa pwani ya kusini, fundi wa kushona kofia, mwenye kicheko ambacho kikianza hujui kitaishia wapi. Alilelewa na shangazi yake pale Ilala, na shangazi ndiye aliyeshika ufunguo wa ndoa. Mie wakati huo nikilala Kariakoo na wanaume watano katika chumba kimoja. Mmoja akitaka kugeuka usiku, tulikuwa tukipiga kura.

Shangazi alikuja kukiona chumba hicho. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu," akasema, "hapa mnaishi au mmepakiwa?"

"Ni pa muda tu, shangazi."

"Basi sikiliza. Nataka nyumba yenye ua, na jiko lake, na kisima cha maji matamu karibu. Na nataka mume mwenye kazi. Mwezi mwingine ukiandama hujapata vyote viwili, binti yangu nampeleka kwao Kilwa, huko nako wanaume wapo."

Sasa tazama mtego huo. Karibu na kazi nyumba hazina ua, watu wamebanana. Penye ua na kisima ni mbali, kule Temeke, kule Kinondoni, na ukikaa mbali karani mkuu anakungoja na saa yake. Nikikaa karibu, mke sina. Nikikaa mbali, kazi sina, na bila kazi mke pia sina. Nilikonda. Mwenzangu wa meza alisema nikisimama ubavu sionekani.

Huyu mwenzangu wa meza alikuwa Mmakonde mwenye miguu mirefu kama nguzo za simu. Siku moja nilikuwa nikinakili mlima, nikaufuata ule mstari wa kahawia, kalamu ikasimama yenyewe.

"Sikiliza," nikamwambia. "Huu unaunganisha mahali penye kimo kimoja. Kwa nini tusichore mstari unaounganisha mahali penye mwendo mmoja? Mahali pote ambapo ukitembea kwa miguu ni saa moja kamili kutoka langoni hapa?"

"Ili iweje?"

"Ili nijue nipange wapi! Kila nyumba iliyo ndani ya mstari inafaa. Iliyo nje haifai. Halafu ndani ya mstari natafuta yenye ua na kisima, nakaa pale pale pembeni kabisa!"

Akacheka. "Kazi ya dakika moja hiyo. Lete bikari." Akachomeka sindano ya bikari kwenye lango letu juu ya ramani, akazungusha duara. "Haya. Umeoa."

Tukaliangalia lile duara. Nusu yake ilikuwa baharini.

"Kwa hiyo napanga kwa papa," nikasema.

"Basi tazama nusu ya nchi kavu."

Nayo ilikuwa kichekesho. Duara lilipita juu ya vinamasi vya Msimbazi kana kwamba mtu ana mabawa. Lilivuka reli mahali pasipo na njia. Bikari haijui matope. Barabara ya lami mtu huteleza kama maji, kwenye mchanga anavuta miguu kama kuku aliyefungwa. Nikamweleza kwamba mstari wa kweli hautakuwa duara hata kidogo. Utakuwa kama mkono wenye vidole, unarefuka pale penye barabara nzuri, unarudi ndani pale penye matope. Na kuujua ni lazima watu watembee.

Saa za mkono tulikuwa hatuna. Lakini karakana moja upande wa reli ilikuwa na king'ora, na king'ora kile, sitii chumvi, kilisikika mpaka kwa wafu wa Pugu. Jumamosi ofisi yetu ilifungwa saa sita kamili kwa kengele, na king'ora kililia saa saba kamili. Kati ya kengele na king'ora ni saa moja bila pungufu! Nani anahitaji saa ya mkono?

Nikawaomba wenzangu wote, makarani, matarishi, hadi mpishi wa chai. Kila mmoja aende kwao kwa njia yake ya kila siku, kwa mwendo wake wa kila siku. King'ora kikilia asimame pale pale alipo, atazame alipo, Jumatatu aje anionyeshe kwenye ramani. Walikubali kwa shangwe, maana hapakuwa na mchezo mwingine wa bure mjini.

Jumamosi ile ilikuwa sikukuu. Kengele ikalia, watu wakamwagika langoni kama siafu, kila mtu na njia yake. King'ora kilipolia, jiji zima likawa na watu waliosimama kama vinyago. Tarishi mmoja alisimama katikati ya uwanja wa mpira huku watu wakicheza, akapigwa mpira wa tumbo, hakuondoka. Mpishi wa chai alijikuta ndani ya ua wa watu, mwenye ua akamuuliza anatafuta nini, akajibu, "Natafuta saa moja." Mmakonde wangu hatukumtia kwenye hesabu, maana yeye alikuwa ameshafika kwao, amekula, na amelala. Nilitaka mstari wa watu, siyo wa twiga.

Mie mwenyewe nilifuata njia ya Kinondoni pamoja na mzee mmoja mwenye nyumba huko, aliyekuja mjini kuuza nazi. Alinionyesha njia ya mkato. Badala ya kuzunguka kwa barabara mpaka darajani, ukifika Upanga unateremka kwenye mikoko, unavuka mkono wa Msimbazi juu ya mchanga mkavu, kisha unapanda upande wa pili. Mchanga ulikuwa safi, mgumu, kaa wadogo wanakimbia. Nilipanda ng'ambo nikaingia Kinondoni nikiimba. Nilikuwa nimefika ua wa mzee yule, nikatazama jiko, nikaonja maji ya kisima, matamu kama ya mnazi, ndipo king'ora kikalia, mbali, kwa sauti nyembamba.

"Mzee," nikasema, na machozi yananitoka, "nyumba yako iko ndani!"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya mstari!"

Hakuelewa, lakini alifurahi sana.

Jumatatu nikatia alama zote, nikaziunganisha kwa wino mwekundu. Mstari ulitoka kama mnyama. Ulirefuka kufuata barabara ya Pugu, ukatoa pua upande wa Magomeni, na kwa sababu ya njia ya mkato ukatoa ulimi mrefu mpaka Kinondoni. Upande wa Temeke ulirudi ndani vibaya, maana tarishi wa upande huo alisimamishwa kwenye kivuko cha reli, mabehewa yakisukumwa huku na huku, akabaki pale akitazama magurudumu. Tukaubandika ukutani nyuma ya meza yangu. Karani mkuu akaja, akautazama kwa muda mrefu, akasema "Mmh," akaondoka. Kwa yule bwana hiyo ilikuwa hotuba.

Habari za mstari zikatoka ofisini. Hapo ndipo nilipokuwa mtu mkubwa kuliko gavana. Makarani wa ofisi nyingine walikuja kuulizia. Wenye nyumba wakaja! Yule mzee wa Kinondoni alichukua chaki akaandika mlangoni kwake kwa herufi kubwa NDANI YA MSTARI, na majirani zake ambao hawakuwa hata karibu nao wakaandika vile vile.

Na toka Temeke alikuja bibi mmoja mjane, mfupi, mviringo, mwenye nyumba yenye ua mzuri na mwembe wa kizungu, na kikapu cha mandazi ya moto kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, bwana mistari. Nasikia umenitoa nje."

Nikamwonyesha. Nyumba yake ilikuwa nje kwa upana wa nusu kidole.

"Nusu kidole tu!" akalia. "Kwa nusu kidole nakosa mpangaji? Uupinde kidogo hapa, mwanangu. Nani atajua? Mstari wenyewe umepinda kila mahali, kama umechorwa na mlevi."

"Bibi, huu ni elimu. Siwezi kuupinda."

"Kula andazi kwanza."

Nikala. Nikala la pili. Nikala mpaka kikapu kikaona haya, lakini mstari sikuusogeza. Nilijiona mwadilifu kuliko majaji wote wa koloni. Bibi aliondoka akisema njiani, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini, "Mtu anakula kama yuko ndani, anahukumu kama yuko nje!"

Jumapili iliyofuata Jumatatu ile ya kuchora nikahamia Kinondoni, na shangazi akaja kukagua. Aligonga kuta, akachungulia jiko, akanusa kisima. "Ua upo," akasema. "Sasa tuone kazi. Mwezi ukiandama kazi bado unayo, tunapika pilau."

Mchumba wangu alikaa kizingitini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kutoka hapa mpaka kazini unapita wapi?"

"Kwa mkato. Kwenye mchanga, pale mikokoni."

Akanitazama kwa jicho la kucheka. "Wewe mtoto wa Tabora umevuka pale?"

"Pakavu kabisa! Nimepima!"

Alifungua mdomo aseme kitu, shangazi akamwita, wakaondoka.

Jumatatu asubuhi king'ora cha kwanza, kile cha saa kumi na mbili na nusu cha kuwaita mafundi wa karakana, kikanikuta mlangoni. Nikaondoka. Pale mkatoni palikuwa na maji kidogo ya kulowesha vifundo, nikavua viatu, nikafika kazini kabla ya kengele, nikamwamkia karani mkuu kwa madaha. Jumatano maji yalikuwa ya magoti. Nikajiambia kumenyesha Pugu. Ijumaa yalifika mapajani, nikavuka kwa ncha za vidole nimeinua suruali kama bibi harusi, nikailaani mvua ya Pugu ingawa anga lilikuwa jeupe kama bati. Jumamosi niliingia langoni kengele ikiwa tayari inainuliwa.

Ikaja Jumatatu ya pili. Nilitoka kwa king'ora kama kawaida, nikishuka kilima kwa mbio huku napiga mluzi. Nikafika mikokoni. Hapakuwa na mchanga. Hapakuwa na njia. Palikuwa na bahari! Mikoko ilisimama majini mpaka mabegani, na samaki, nawaapia, samaki walikuwa wakipita pale nilipokuwa nikiweka viatu vyangu.

Kuzunguka mpaka darajani muda haukuwepo, kengele ingelia mie niko nusu njia. Kurudi nyuma ni kwenda kulima. Nikavua viatu nikavifunga shingoni. Nikavua suruali, nikaikunja vizuri kwa mikunjo yake ya pasi, nikaiweka kichwani, na juu yake nikaweka kofia. Nikaingia.

Maji ya kiuno. Maji ya kifua. Nikaona mamba, nikasoma shahada. Likawa gogo. Na ni hapo katikati, kidevu kimeinuka na kofia inayumba, ndipo akili ya shule ya usiku ilipoamka. Nilikuwa nimepima kwa njia ya kurudi! Wote tulipima tukitoka kazini kwenda nyumbani, Jumamosi, saa sita mchana, maji yamekupwa, watu wana njaa na furaha ya mapumziko. Wala hakuna aliyepima asubuhi akienda kazini. Ramani yangu haikuwa ya kufika kwa karani mkuu. Ilikuwa ramani ya kumkimbia!

Nikacheka. Kucheka majini ni kosa. Nikameza chumvi, nikakohoa, kofia ikaruka, na suruali yangu ya kaki, pasi na yote, ikaondoka juu ya maji taratibu, miguu imetanda, kama mtu anayekwenda zake kuogelea. Niliita. Haikugeuka.

Upande wa Upanga palikuwa na mama mmoja akianika nguo zake kwenye vichaka. Alinitazama nikitoka majini na shati na viatu shingoni, hakushtuka hata kidogo. Akachukua kanga, akanitupia huku amegeuza uso.

"Jifunge, baba, kabla serikali haijakuona."

"Mama, nitairudisha!"

"Kimbia tu. Mikosi haingoji."

Nilikimbia Upanga nzima nikiwa na kanga nyekundu yenye maua. Maandishi yake sikuyasoma, na waliokuwa wakiyasoma nyuma yangu walikuwa wakipiga vigelegele, kwa hiyo naona yalikuwa makali. Watoto walinifuata. Mbwa walinifuata. Nadhani na mbuzi mmoja. Nilikata kona ya mwisho nikaona lango, na karani mkuu, na mkono wa mgonga kengele umeshainuka. Nikajirusha. Kengele ililia mie nikiwa hewani, nikaangukia ndani.

Karani mkuu akatazama saa yake. Akanitazama mie kuanzia juu, akafika kwenye maua, akasimama hapo.

"Wewe," akasema, "umewahi."

"Ahsante, bwana."

"Suruali yako imechelewa. Ikifika nitaiambia igeuke ikalime."

Ofisi nzima ilianguka chini. Mmakonde alilala juu ya meza akipiga ngumi. Nilikaa kutwa nikinakili mito ya Rufiji nimevaa kanga, na bwana mkubwa Mzungu alipopita akanitazama, akauliza kama kwetu ni sikukuu. Nikasema ndiyo. Akanitakia heri.

Jioni nilikwenda Ilala, kwa barabara ya watu wazima, nikiwa na suruali ya Mmakonde niliyoikunja mara nne kwenye miguu. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mchumba wangu alikuwa amekaa mkekani, kofia aliyokuwa akishona ameikandamiza mdomoni, mabega yanatikisika.

"Nilitaka kukuambia siku ile," akasema alipopata pumzi. "Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Mchana pakavu kama uwanja, asubuhi mnapokwenda kazini bahari imejaa mpaka juu. Hata mtoto wa kwetu anajua. Wewe umepanga nyumba ambayo bahari inaifunga mlango kila nusu mwezi!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema umepima."

Shangazi hakucheka. "Kazi bado unayo?"

"Ninayo, shangazi."

"Na nyumba?"

Nikainama kuikunja upya suruali ya Mmakonde. Kwa barabara ya darajani Kinondoni kazini ningefika, lakini ningeondoka na jogoo wa kwanza na kurudi na popo, na mchumba wangu alisema waziwazi hataki kuolewa na alama za miguu mlangoni. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku huo huo. Ukifa huo na kuandama mwingine, ni Kilwa.

Basi tukaanza upya, na safari hii tukapima kwa njia ya kwenda. Nikawaomba tena wenzangu. Kila asubuhi king'ora cha mafundi kikilia, simama mahali unapopajua, uanze kutembea kuja kazini. Ukifika kabla ya kengele, kesho anzia mbali zaidi. Ukifika kengele imelia, kesho anzia karibu, na umwombe karani mkuu msamaha. Mahali pa mwisho ambapo ukianzia unafika kwa wakati, hapo ndipo mstari. Na tusipime siku moja. Tupime siku nyingi, bahari ikijaa na ikipwa, kisha tuchukue siku mbaya kuliko zote, maana karani mkuu haulizi siku njema ulifika saa ngapi.

Na sikuamini niliposikia, karani mkuu aliruhusu. Alisema kwa siku kumi za kupima, mwenye kuchelewa kwa ajili ya ramani hataandikwa, isipokuwa mie. Mie kila siku nilitoka Kinondoni gizani kwa barabara, nikafika langoni nikiwa nimelala kwa jicho moja.

Mstari mpya ulipotoka, haukufanana na ule wa kwanza. Ulimi wa Kinondoni ulikatwa kabisa. Upande wa barabara ya Pugu ukapungua, watu hawatembei kwa furaha ile ile wakiwa na usingizi. Na upande wa Temeke, jamani! Asubuhi mabehewa hayakusukumwa pale kwenye kivuko. Tarishi wa Temeke alipita bila kusimama hata siku moja. Mstari ukatoka nje, ukavuka ule wa zamani, ukaipita nyumba ya bibi wa mandazi na kuacha upana wa kidole kizima.

Nilikwenda Temeke mbio. Bibi alikuwa uani akikanda unga.

"Shikamoo, bibi! Umeingia ndani!"

Hakuinua uso. "Nilikuwa ndani siku zote. Wewe ndiye uliyekuwa nje. Umekuja kula?"

Shangazi hakuiamini ramani tena. Alisema mstari wa kwanza nao ulikuwa mwekundu hivyo hivyo. Akataka kuona kwa macho, kwa hiyo yeye na mchumba wangu wakalala kwa bibi, mie nikalala kwa jirani yake mmoja, na alfajiri king'ora kilipolia tukatoka sote, mchumba wangu na mie mbele, shangazi nyuma kama askari. Shangazi alisalimia kila mlango toka Temeke mpaka Keko. "Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Na yule aliyeteguka?" Niligeuka nimhimize. Mchumba wangu alininong'oneza, "Kaa kimya. Akifika yeye, atafika kila mtu." Tukavuka reli, hakuna behewa. Tukapita Gerezani, tukaingia mjini, na lango tukalifikia wakati mgonga kengele bado anapiga mwayo. Shangazi akaketi juu ya jiwe, akafungua kitambaa, akala andazi lote la bibi kwa utulivu, akajipangusa vidole, ndipo kengele ikalia.

"Haya," akasema. "Pilau."

Tulifunga ndoa kabla mwezi haujaandama. Ile kanga nyekundu nilikuwa nimeshaipeleka Upanga, imefuliwa na kukunjwa, pamoja na nyingine mpya ya shukrani. Mama yule aliuliza kama nilifika. Nikamwambia nilifika, na pia nilioa. Akasema basi kanga hiyo ina dawa, hataiuza.

Lakini furaha ya nyumba ile ya Temeke nilitegemea ingekuwa ya sisi wawili, kisima, na bibi wa mandazi. Juma la pili la ndoa tukasikia mizigo ikishushwa chumba cha pili, kitanda, meza, na kitu kizito. Nikatoka kutazama. Karani mkuu alikuwa amesimama uani na saa yake ya mnyororo, anaangalia kisima.

"Nimeutazama sana mstari wako," akasema. "Mahali pazuri."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, muda mrefu kabla ya king'ora, mke wangu akiwa bado anacheka usingizini, ukuta wetu ulikuwa ukigongwa mara tatu kwa kifundo cha kidole.